Kukoroma kwa usiku wa Ramadhani: dawa ya maumivu inapokutana na dawa ya usingizi

"Alilala vizuri tu, tena tulimsikia akikoroma usiku kucha." Jamaa za mgonjwa huyasema maneno haya hospitalini kwa moyo safi, wakiamini kwamba mtu anayekoroma ni mtu aliyepumzika. Daktari anayeelewa mambo ya dawa, akisikia kwamba mgonjwa huyo alikuwa anatumia dawa kali ya maumivu na juu yake akanywa kidonge cha usingizi, hayasikii maneno hayo kama habari njema. Anasikia njia ya hewa iliyoanza kuziba saa kadhaa kabla ya watu wa nyumbani kushtuka.

Mimi si daktari. Nina diploma ya famasia, na sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimaliza nyuma ya kaunta ya duka la dawa. Nimechagua kueleza jambo hili moja kwa sababu dawa zinazohusika zimo katika makabati ya nyumba zetu nyingi, zimeandikwa na madaktari kwa njia halali, na kila moja peke yake imewafaa wagonjwa wengi. Balaa huja zikikutana. Na huku kwetu Pwani, Ramadhani huwa na namna yake ya kuzikutanisha, kama nitakavyoonyesha kwa mfano wa bibi mmoja. Bibi huyu nimemtunga mwenyewe, lakini kila kitu anachokifanya ni kitu ambacho watu hukifanya.

Kwanza tuzijue dawa zenyewe. Upande mmoja kuna dawa za maumivu za ukoo wa afyuni: mofini, pethidini, kodini, methadoni na tramadoli. Huku kwetu mgonjwa wa saratani hupewa mofini ya maji, na aliyevunjika au aliyepasuliwa goti huandikiwa tramadoli. Panadoli na ibuprofeni hazimo katika ukoo huu. Upande wa pili kuna dawa za kutuliza na kulaza. Zinazojulikana zaidi ni za ukoo wa benzodiazepini, kama diazepamu, ambayo wengi bado huiita Valiamu, na pamoja nayo lorazepamu, alprazolamu, klonazepamu na flunitrazepamu. Hutolewa kwa wasiwasi, kukosa usingizi, kifafa na kukaza kwa misuli.

Sasa kupumua. Hatukumbuki kupumua tukiwa tumelala, na bado tunaamka asubuhi tukiwa hai. Kazi hiyo hufanywa na sehemu ndogo iliyo chini kabisa ya ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Watu wengi hudhani sehemu hiyo hungojea oksijeni ipungue ndipo itoe amri ya kuvuta pumzi. Sivyo. Kinachoiamsha zaidi ni hewa chafu ya kaboni, ile tunayoitoa. Ikizidi kidogo tu katika damu, amri hutoka mara moja: vuta, tena kwa nguvu zaidi. Jaribu kubana pumzi, na ile karaha inayokushinda baada ya muda mfupi ndiyo kengele yenyewe.

Dawa za ukoo wa afyuni huishika kengele hiyo. Vipokezi vilevile zinavyovikalia ili kuzima maumivu vimo pia katika ile sehemu inayopanga pumzi. Kwa hiyo hewa ya kaboni inapanda lakini kengele hailii kwa sauti yake ya kawaida. Pumzi zinapungua idadi, zinakuwa ndefu na za kupishana vibaya, na mtu mwenyewe hahisi kukosa hewa, kwa sababu hisia hiyo nayo imetulizwa. Haamki akitapatapa kama mtu anayezama. Amelala, na uso wake umetulia.

Diazepamu na ndugu zake hupita mlango mwingine. Ubongo una kemikali yake ya kupoza mambo, na dawa hizi huiongezea nguvu. Zikitumiwa peke yake kwa mdomo na mtu mzima mwenye afya, ni nadra kusimamisha pumzi. Ila hufanya mambo mawili ambayo peke yake si makubwa. Hulegeza misuli ya koo na ulimi, hivyo ulimi unarudi nyuma na njia ya hewa inakuwa nyembamba. Na hupunguza uwezo wa ubongo kumzindua mtu. Mtu wa kawaida hewa ikimwia nzito usingizini hujigeuza, hukohoa, au huamka kidogo kisha akalala tena. Aliyelewa dawa hii hajigeuzi.

Weka mawili haya pamoja uone. Dawa ya maumivu imefunika kengele. Dawa ya usingizi imeziba njia nusu na kumzuia mwenye nyumba asiamke. Hewa ya kaboni inazidi kupanda, na yenyewe ikipita kiasi inakuwa dawa ya tatu ya usingizi, maana kaboni nyingi katika damu humlewesha mtu. Kwa hivyo kadiri anavyopumua kidogo ndivyo anavyolala zaidi, na kadiri anavyolala zaidi ndivyo anavyopumua kidogo. Oksijeni hushuka polepole mwanzoni, damu ikiwa bado inaishikilia, halafu ikifika chini ya kiwango fulani huporomoka. Moyo unakosa oksijeni, unakwenda taratibu, kisha unasimama. Ubongo ukikosa oksijeni kabisa huanza kuharibika katika dakika chache tu, kama nne hadi sita. Lakini safari ya kufika huko huchukua saa. Hapo ndipo lilipo tumaini: kuna muda wa kuona, kama yuko mtu anayejua anachokiangalia.

Dunia ilisikia jambo hili Januari 2008, alipofariki mwigizaji Heath Ledger huko New York akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa maiti ulikuta dawa sita mwilini mwake: mbili za maumivu za ukoo wa afyuni, tatu za ukoo wa benzodiazepini, na moja ya mzio inayoleta usingizi. Daktari mchunguzi alisema kifo kilikuwa cha ajali na kilitokana na dawa hizo kufanya kazi pamoja, na wala hakuitaja moja kuwa ndiyo iliyoua. Tarehe 31 Agosti 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamuru dawa za koo hizi mbili, karibu bidhaa 400, ziwekewe onyo lake kali kuliko yote, lile la ndani ya kisanduku, kuhusu kuzichanganya.

Turudi kwa bibi yetu. Ana miaka 72. Ana kisukari cha miaka mingi, na figo zake zimechoka kiasi, ingawa yeye husema hana neno. Goti limemsumbua sana, akaandikiwa tramadoli ya miligramu 50, kidonge kimoja kila baada ya saa sita, yaani vinne kwa siku, jumla miligramu 200. Alipoandikiwa ilikuwa Shaabani. Ramadhani ilipoandama akakataa kula mchana. Watoto walimwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa na daktari akasema hivyo hivyo, naye akajibu kwamba amefunga tangu akiwa msichana. Basi vile vidonge vinne, ambavyo vilikusudiwa kutawanywa katika saa 24, akaviweka vyote usiku.

Usingizi nao ukampotea, kama unavyompotea mtu anayegeuza usiku kuwa mchana. Jirani mwema akampa diazepamu za miligramu tano alizobaki nazo mumewe. "Kimoja tu baada ya tarawehe," alisema, "utalala mpaka daku." Akanywa kimoja kila usiku. Usiku wa tano akapata mafua, akaongeza Piritoni moja.

Usiku huo hesabu ilikuwa hivi. Saa moja, baada ya futari, tramadoli mbili. Saa tatu na nusu, diazepamu moja na Piritoni moja. Saa tano, goti likiuma baada ya kusimama sana, tramadoli mbili tena ili asisumbuke hadi daku. Ukijumlisha kwa siku, hakuzidisha hata kidonge kimoja cha maumivu. Ukijumlisha kwa saa, alimeza dawa ya siku nzima ndani ya saa nne. Tramadoli hufika kileleni katika damu baada ya saa mbili hivi, na kile inachogeuzwa na ini, ambacho ndicho chenye nguvu zaidi ya kutuliza maumivu na kushika pumzi, huchelewa kidogo kuliko hapo. Tena hicho hutolewa mwilini na figo, na figo zake ni zile zilizochoka, zikiwa na maji kidogo kwa sababu ya kufunga.

Diazepamu ilikuwa na hesabu mbaya zaidi, ambayo hakuna mtu wa nyumbani angeiona. Dawa hii haitoki mwilini kwa usiku mmoja. Kwa kijana, nusu yake hutoka katika siku moja hivi. Kwa mzee huchukua muda mrefu zaidi, na wafamasia wana kanuni ya makadirio kwamba saa za kutoa nusu hukaribia miaka ya mtu. Tumpe bibi saa 72, yaani siku tatu. Usiku wa pili, cha kwanza bado kimebaki karibu miligramu nne. Usiku wa tatu kimebaki zaidi ya tatu, na cha pili karibu nne, na cha tatu ndio kwanza kimeingia. Ukiendelea hivyo mpaka usiku wa tano unapata miligramu 16 na kitu. Yeye anaamini amemeza kidonge kimoja. Mwilini mwake mna zaidi ya vitatu. Na hapo sijahesabu kile ambacho diazepamu hugeuka kuwa ndani ya mwili, nacho ni dawa ya usingizi vilevile na hukaa muda mrefu kuliko yenyewe.

Ndiyo maana usiku wa kwanza haukutokea jambo, wala wa pili. Watu hudhani kwamba kama mchanganyiko ungedhuru, ungedhuru siku ya kwanza. Usalama wa usiku wa kwanza hauna ushahidi wowote juu ya usiku wa tano.

Saa sita alikuwa amelala. Saa saba tramadoli ya mara ya pili ilikuwa inafika kileleni juu ya diazepamu, na Piritoni nayo inasaidia. Saa nane alikuwa anakoroma, kukoroma kuzito ambako si kwake, kwenye vituo virefu: mkoromo, kimya, mkoromo. Binti yake alipita kwenda msalani, akausikia, akafurahi kwamba mama leo kalala. Saa kumi alikwenda kumwamsha kwa daku. Hakuamka.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, kwa maana dalili zilikuwepo tangu saa nane, tena zilikuwa zinasikika.

Dalili ya kwanza si pumzi, ni usingizi. Kabla pumzi hazijapungua, mtu huwa mzito wa kuamka. Anaanza sentensi akaimalizia usingizini, anashika kikombe huku macho yanafumba. Mgonjwa wa dawa za maumivu anayesinzia hivyo asipewe dozi inayofuata mpaka daktari aulizwe, hata kama saa yake imefika. Ya pili ni huo mkoromo mpya, au sauti ya kugugumia kooni kama maji yanayochemka. Ya tatu ni idadi ya pumzi.

Kuhesabu pumzi hakuhitaji kifaa. Weka kiganja juu ya kifua au tumbo, au uangalie shuka inavyopanda. Kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima kwa saa ya simu, usihesabu robo dakika ukazidisha, kwa sababu pumzi za mtu huyu hazifuatani sawa na robo dakika itakudanganya. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Chini ya 12 kwa mtu aliyekunywa dawa hizi, muamshe na usimwache. Chini ya nane ni hatari ya wakati huohuo. Bibi yetu saa kumi alikuwa na sita.

Kuna pia rangi. Vitabu husema midomo hugeuka samawati, lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa kuangalia watu weupe. Kwetu sisi, kunja mdomo wa chini utazame ndani, tazama ufizi na ulimi: utaona rangi ya kijivu au zambarau. Kucha zinaweza kukuficha, hasa mwezi huu ambapo wengi wana hina. Mboni za macho huwa ndogo kama tundu la sindano, ingawa kwa tramadoli huenda zisiwe ndogo sana, kwa hivyo usijipe moyo kwa mboni tu.

Wengi tulinunua vile vifaa vya kubana kidole wakati wa korona. Vinafaa, ila vina mipaka yake. Piko jeusi kwenye ncha ya kidole huweza kukifanya kishindwe kusoma. Kwa wenye ngozi nyeusi huweza kuonyesha namba ya juu kuliko ilivyo. Na mgonjwa aliye kwenye mtungi wa oksijeni nyumbani huweza kuonyesha 97 huku hewa ya kaboni inamfunika, kwa kuwa kifaa kinapima oksijeni, hakipimi pumzi. Ukiwa na mgonjwa wa namna hiyo amini hesabu yako ya dakika moja kuliko kifaa.

Binti alifanya nini? Alimwita kwa sauti, akamtikisa bega, kisha akamsugua mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi, kwa nguvu. Hilo linauma, na mtu aliyelala usingizi wa kawaida huamka akilalamika. Bibi alikunja uso tu akarudi kimya. Hapo suala la daku limekwisha. Mmoja akatafute gari, mwengine abaki. Mgonjwa alazwe chali, kichwa kirudishwe nyuma kidogo na kidevu kiinuliwe, ili ulimi uondoke kwenye koo. Mara nyingi kwa hilo pekee mkoromo huisha na pumzi mbili tatu nzuri huja. Zikibaki chache mno au zikikatika, bana pua, ziba mdomo wake kwa mdomo wako, pulizia pumzi moja kila sekunde tano au sita, uone kifua kinainuka. Anachokosa ni hewa, na hewa ndiyo matibabu. Akiwa hapumui kabisa wala hana dalili ya uhai, abanwe kifua. Akiwa anapumua mwenyewe vya kutosha lakini haamki, mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, ili akitapika asivute matapishi.

Yasiyofaa ninayajua kwa sababu nimeulizwa mara nyingi. Maziwa hayavunji dawa hii, na mtu asiyejijua akimiminiwa maziwa yatakwenda kwenye mapafu. Kahawa ni vilevile. Maji ya baridi usoni humshtua kwa sekunde chache kisha humrudisha kule kule. Kumtapisha ni hatari tupu. Wala usimwache "alale iishe," kwa maana dawa haiishi kwa kulala. Kwa bibi huyu ilikuwa bado inapanda. Chukua paketi zote, hata ile ya jirani, hata kama unaona haya kuitaja. Aibu ya paketi ya jirani imemfanya daktari mmoja na mwengine kutibu nusu ya sumu.

Hospitalini kuna dawa inayoitwa naloksoni. Hupigwa sindano, na huing'oa afyuni kutoka kwenye vipokezi ndani ya dakika chache. Kwa aliyezidiwa na mofini au heroini, mtu huweza kufumbua macho mbele yako. Lakini ina mipaka mitatu ambayo jamaa wa mgonjwa wanapaswa kuielewa ili wasigombane na wauguzi. Haina kazi yoyote kwa diazepamu. Kwa hivyo pumzi zinaweza kurudi na bado mgonjwa akalala, na hilo si kushindwa kwa matibabu. Kwa tramadoli huondoa sehemu tu ya athari. Na yenyewe huisha haraka, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa moja na nusu, wakati dawa iliyomlaza mtu ingalipo. Aliyeamka saa kumi na moja anaweza kuzama tena saa moja asubuhi, akiwa ndani ya teksi anarudi nyumbani. Ndiyo maana wanamzuia. Ipo pia dawa ya kuondoa benzodiazepini, iitwayo flumazenili, lakini huweza kuamsha degedege, hasa kwa aliyezoea vidonge hivyo au aliyekunywa tramadoli, ambayo nayo huweza kuleta degedege. Madaktari huikwepa, na wanafanya sawa.

Nilitaja Piritoni kwa makusudi. Watu wakisikia "dawa ya usingizi" hufikiria kidonge kilichoandikwa hivyo. Usingizi umejificha katika dawa nyingi: Piritoni na prometazini za mafua na mzio, baadhi ya dawa za maji za kikohozi, fenobabitoni ya kifafa, amitriptilini inayotolewa kwa neva na huzuni, gabapentini na pregabalini ambazo wagonjwa wa kisukari hupewa kwa miguu inayowaka moto. Pombe nayo imo, na ni kati ya zinazoua zaidi zikichanganywa na dawa hizi. Haina maana kwamba daktari haruhusiwi kuziweka pamoja. Ina maana kwamba lazima ajue zote anazoziweka juu ya nini, na mara nyingi ataanza kwa kipimo kidogo kuliko kawaida. Aliye na pumu kali, mapafu mabovu, unene wa kupita kiasi, au aliyekuwa akikoroma na kukatika pumzi usingizini hata kabla ya dawa, kwake nafasi ya makosa ni ndogo zaidi.

Kuna kundi jingine la Pwani ambalo siwezi kulipita. Tangu 2015 Malindi ina kliniki ya methadoni kwa walioamua kuacha heroini, na kliniki nyingine zikafuata. Methadoni imewarudisha vijana wengi kwa mama zao. Mtu huinywa mbele ya muuguzi mara moja kwa siku. Tatizo huanza anapotoka kliniki akaona haimtoshi, akaongeza vile vidonge vya mtaani viitwavyo bugizi, ambavyo kwa kawaida ni vya ukoo huuhuu wa benzodiazepini, ingawa anayenunua barazani hana njia ya kujua ndani mna nini hasa. Methadoni ina tabia moja ya hila: uwezo wake wa kushusha pumzi hufika kileleni baadaye kuliko uwezo wake wa kutuliza, na hudumu zaidi. Kijana aliyekunywa asubuhi na kuongeza bugizi alasiri anaweza kuwa mzima Magharibi, akacheka na wenzake, na hatari ikaja baada ya Isha, watu wameshamwacha alale. Wenzake wakimwona anakoroma vibaya wamhesabu pumzi kama nilivyoeleza, na wampeleke hospitali bila kuogopa kusema alichokula. Naloksoni moja haitamtosha, kwa sababu methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima.

Mambo mawili kabla sijammalizia bibi yetu, kwa kuwa najua baadhi ya wasomaji watasimama wakatupe dawa. Aliyekunywa diazepamu au dawa ya ukoo huo kila siku kwa wiki nyingi asiiache ghafla. Ubongo wake umeizoea, na kuiacha kwa siku moja huweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari, wakati mwengine kwa miezi. La pili, mgonjwa wa saratani aliyepewa mofini ya maji asinyimwe kwa hofu ya haya niliyoyaandika. Kipimo kilichoanzwa kidogo na kupandishwa hatua kwa hatua mwili hukizoea upande wa pumzi, na wahudumu wa hospisi wakati mwengine huweka mofini na dawa ya kutuliza pamoja kwa makusudi, wakijua kiasi na sababu. Kitu kisichofaa ni kuongeza ya tatu kutoka kabatini bila wao kujua.

Bibi alikaa hospitalini siku mbili. Alipewa oksijeni na naloksoni kwa vipimo vidogo, akaangaliwa pumzi kila saa, na asubuhi ya pili alikuwa anauliza nani aliyempikia mjukuu wake. Damu yake ilipimwa, na figo zikaonekana kufanya kazi kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Diazepamu ikakatwa palepale, kwa kuwa ilikuwa usiku tano tu na hapakuwa na mazoea ya kuogopa. Piritoni ikaondolewa. Tramadoli ikabadilishwa ikawa kidonge kimoja kila baada ya saa 12, panadoli ikawekwa kuwa ndiyo dawa ya kawaida ya goti, na ibuprofeni akakatazwa kwa sababu ya figo. Daktari akamwandikia kwenye karatasi kwamba hatafunga Ramadhani hiyo. Bibi akaikunja karatasi, akampa binti yake aishike yeye, akasema kwamba siku zilizobaki atalisha maskini.